Lengo la GPA ya semista: kupanga madaraja kwenye kozi za krediti 12 na krediti 8

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, shahada ya biashara ya miaka mitatu, hapa Dar. Nimemaliza semista tatu na GPA yangu inasoma 3.3. Nataka nimalize na apa sekondi, yaani 3.5. Semista hii nina kozi sita: tatu za krediti 12 na tatu za krediti 8. CA zote zimeshatoka na nimeambatanisha, pamoja na matokeo ya nyuma. A ni 70 kwenda juu (5), B+ 60 (4), B 50 (3), C 40 (2). CA ni alama 40, UE ni 60, na chuo chetu GPA inakatwa kwenye desimali moja, haikadiriwi. Kwenye UE huwa nashuka kama asilimia 10 chini ya CA. Zimebaki wiki tatu. Je, nilenge GPA ngapi semista hii, na nipate madaraja gani kwenye kozi gani? Rafiki yangu ananiambia nikazanie B+ kila kozi, basi.*

Marahaba. Ushauri wa rafiki yako si mbaya, na hesabu yake inafika. Shida ni kwamba unakupeleka kutafuta alama kwenye kozi ambayo kwako ni ngumu kuliko zote, huku ukiacha alama rahisi zimelala kwenye kozi nyingine. Kabla ya kuchagua madaraja, weka kando hiyo namba 3.3. Haikuambii unachohitaji kujua.

GPA ni matokeo ya kugawanya. Ndani yake kuna pointi, na pointi ndizo unazoweza kupanga:

```
pointi za kozi = krediti x thamani ya daraja
GPA = jumla ya pointi / jumla ya krediti
```

B+ kwenye kozi ya krediti 12 ni pointi 48, na B+ hiyohiyo kwenye kozi ya krediti 8 ni pointi 32. Matokeo uliyoambatanisha yanaonyesha semista ya kwanza ulikuwa na krediti 60 na pointi 188, ya pili krediti 64 na pointi 212, ya tatu krediti 56 na pointi 204. Jumla ni pointi 604 kwa krediti 180. Ukigawanya unapata 3.355, mfumo unakata mkia, unaona 3.3.

Mkia huo uliokatwa ni mali yako. Kama ungeanza hesabu na 3.3 yenyewe ungezidisha kwa 180 na kupata 594, kisha ungejiona una upungufu wa pointi 10 ambazo tayari unazo. Pointi 10 zinakaribia daraja zima la kozi ya krediti 12. Wanafunzi wengi hukosea hapo mwanzoni kabisa, halafu wanajiwekea lengo lisilofikika na kulitupa baada ya wiki moja. Kosa la pili linalofanana na hilo ni kujumlisha GPA za semista tatu na kugawanya kwa tatu. Semista zako hazikuwa na krediti sawa, kwa hiyo wastani huo hauna maana. Kila mara rudi kwenye pointi.

Sasa lengo. Apa sekondi huangaliwa kwenye GPA ya mwisho wa shahada, si ya katikati. Shahada yako ni krediti 360, na 3.5 mara 360 ni pointi 1,260. Ukitoa 604 ulizonazo, unadaiwa 656 kwa semista tatu zilizobaki. Zikiwa na krediti 60 kila moja, ni kama pointi 219 kwa semista. Kozi zako zote zina krediti zinazogawanyika kwa 4, kwa hiyo pointi zako nazo hupanda kwa nne nne: 216, 220, 224. Haiwezekani kupata 219. Chukua 220.

Ukitaka GPA ya jumla isome 3.5 mara tu matokeo ya semista hii yakitoka, hesabu ni nyingine. Krediti zitakuwa 240, na 3.5 mara 240 ni 840. Utahitaji 236. Kwa 232 utakuwa na 836, ukigawanya kwa 240 unapata 3.483, na mfumo utakuonyesha 3.4. Angalia pia kama unatumia lahajedwali ya kwenye kompyuta: seli iliyowekwa desimali moja itakuonyesha 3.5 kwa sababu inakadiria, wakati chuo kinakata. Tumia fomula inayokata, krediti za semista hii zikiwa safu B na thamani za madaraja safu C, huku 604 na 180 zikiwa pointi na krediti zako za nyuma:

```
=ROUNDDOWN((604+SUMPRODUCT(B2:B7,C2:C7))/(180+SUM(B2:B7)),1)
```

Kwa hiyo una mistari miwili. 220 ndio mstari ambao chini yake unaanza kuchelewa kuelekea lengo la mwisho. 236 ni ule unaokupa 3.5 mapema. Mimi ningekushauri uuhesabu wa 220 kuwa ndio deni halisi, kisha upange mchanganyiko ulio juu yake kiasi kwamba hata kozi moja au mbili zikiteleza bado unaulipa. Anayepanga mchanganyiko unaofika 220 kamili hana mpango, ana matumaini, kwa sababu daraja moja tu likishuka kwenye kozi yoyote amekwisha kukosa.

Tuingie kwenye kozi. Kwa kila kozi kuna alama ya UE inayohitajika kwa kila daraja, na kuna alama ambayo wewe, kwa mwenendo wako, unatarajiwa kuipata. Ya kwanza ni kutoa tu: mpaka wa daraja ukiondoa CA. Ya pili inatokana na ulichosema, kwamba UE hushuka kama asilimia 10 chini ya CA. Kwa kuwa CA ni kati ya 40 na UE ni kati ya 60, kuhamisha CA kwenda kipimo cha UE ni kuzidisha kwa 1.5, na asilimia 10 ya 60 ni alama 6:

```
UE inayohitajika = mpaka wa daraja - CA
UE inayotarajiwa = CA x 1.5 - 6
```

Hiyo 6 ni yako. Mwenzako anaweza kuwa na 2, au 12, na wapo ambao UE yao hupanda juu ya CA. Kama mfumo wenu wa matokeo unaonyesha CA na UE kando kando, chukua kozi zote za semista mbili zilizopita na utafute tofauti ya wastani badala ya kuamini hisia. Ukiweza, tenganisha kozi za hesabu na kozi za kuandika maelezo, maana mara nyingi mtu huanguka zaidi upande mmoja.

Nimepunguza nusu alama kila ilipojitokeza, na hivi ndivyo kozi zako zinavyosimama:

| Kozi | Krediti | CA | UE ya A | UE ya B+ | UE ya B | UE inayotarajiwa | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Uhasibu wa gharama | 12 | 22 | 48 | 38 | 28 | 27 | 49 |
| Takwimu za biashara | 12 | 29 | 41 | 31 | 21 | 37 | 66 |
| Usimamizi wa fedha | 12 | 25 | 45 | 35 | 25 | 31 | 56 |
| Sheria ya biashara | 8 | 26 | 44 | 34 | 24 | 33 | 59 |
| Misingi ya masoko | 8 | 31 | 39 | 29 | 19 | 40 | 71 |
| Stadi za maendeleo | 8 | 24 | 46 | 36 | 26 | 30 | 54 |

Usisome namba zote kwa mpigo. Soma safu ya mwisho tu kwanza. Usipobadilisha chochote unaelekea kwenye C ya uhasibu, B+ ya takwimu, B ya fedha, B ya sheria, A ya masoko na B ya stadi za maendeleo. Pointi zake ni 24, 48, 36, 24, 40 na 24, jumla 196. Gawanya kwa 60: 3.26. Hiyo haiko mbali na 3.3 yako ya kawaida, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba makisio hayako mbali na ukweli. Kama yangetoka 4.2 kwa mtu mwenye 3.3, ningesema fomula imedanganya na ningerudi kuikagua.

Una 196, unadaiwa 220, pengo ni 24. Swali linakuwa: pointi 24 na zaidi zinapatikana wapi kwa alama chache?

Hapa ndipo tofauti ya krediti inapoanza kufanya kazi. Kupanda daraja moja, mathalani kutoka B hadi B+, ni alama 10 kwenye kozi yoyote ile. Lakini alama hizo 10 hulipa pointi 12 kwenye kozi ya krediti 12 na pointi 8 kwenye kozi ya krediti 8. Na muhimu zaidi, hazilipi kidogo kidogo. Alama 60 na alama 69 zote ni B+, zote ni 4. Alama tisa za katikati hazikuongezei chochote, halafu moja inayofuata inakuletea pointi 12 kwa mkupuo. Kwa hiyo usiulize kozi ipi una alama ndogo. Uliza kozi ipi iko karibu na mpaka, na mpaka huo unalipa ngapi.

Pitia safu ya mwisho kwa jicho hilo. Uhasibu unatarajiwa 49, mpaka wa B ni 50: alama moja, pointi 12. Sheria 59, mpaka wa B+ ni 60: alama moja, pointi 8. Fedha 56, mpaka 60: alama nne, pointi 12. Takwimu 66, mpaka wa A ni 70: alama nne, pointi 12. Stadi za maendeleo 54, mpaka 60: alama sita, pointi 8. Masoko tayari iko kwenye A, haina pa kupanda.

Stadi za maendeleo ndiyo inayolipa kidogo kuliko zote: alama nyingi zaidi, pointi chache zaidi. Iache kwenye B. Chukua nne za mwanzo. Unapata uhasibu B, takwimu A, fedha B+, sheria B+, masoko A, stadi za maendeleo B. Pointi ni 36, 60, 48, 32, 40 na 24. Jumla 240, ambayo ni GPA ya 4.0 kwa semista na 844 kwa 240 kwa jumla, yaani 3.51.

Sasa ulinganishe mpango huu na wa rafiki yako. B+ kila kozi ni thamani 4 mara krediti 60, nayo ni 240 vilevile. Hata jumla ya alama za UE zinazohitajika ni ileile, 203, ukijumlisha kozi zote sita. Lakini mpango wake unakutaka upate 38 kwenye UE ya uhasibu, mahali ambapo unatarajiwa 27. Ni alama 11 juu ya uwezo wako wa sasa, kwenye kozi ambayo CA yako ni 22. Unakutaka pia alama sita za ziada kwenye stadi za maendeleo, pamoja na zile nne za fedha na moja ya sheria. Jumla ni alama 22 za kutafuta. Mpango wa 240 niliokuonyesha unahitaji 10 tu: moja, moja, nne na nne. Pointi ni zilezile, kazi ni chini ya nusu, na sababu ni kwamba umeiruhusu uhasibu ibaki B na kuifidia kwa A ya takwimu yenye krediti sawa nayo. Kufidia kunafanyika vizuri hivyo: kozi ya 12 inafidiwa na kozi ya 12. Ukijaribu kufidia B ya uhasibu kwa A ya kozi ya krediti 8, unabaki na pengo la pointi 4, na pointi 4 zinatosha kukushusha kutoka 236 hadi 232.

Alama kumi zinaonekana rahisi mno, na kwa kweli si rahisi hivyo. Makisio yako yana kosa ndani yake. Mtihani mmoja unaweza kukupa alama nne juu au nne chini bila wewe kufanya tofauti yoyote. Mtu anayejiandaa kupata 28 kamili kwenye UE ya uhasibu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuangukia 27. Kwa hiyo weka ukingo. Ongeza alama tatu juu ya kila mpaka unaoulenga, na nne kwenye uhasibu, kwa kuwa huko kushuka kunakupeleka C. Malengo ya kujiandaa kwenye UE yanakuwa uhasibu 32, takwimu 44, fedha 38, sheria 37, masoko 42. Stadi za maendeleo inatarajiwa 30 wakati B inahitaji 26, kwa hiyo ina ukingo wa alama nne tayari.

Tazama masoko. Wengi wakiona A imekaa pale wanaifunga kozi na kuhamia kwingine. Makisio yako ni 71, mpaka ni 70. Una alama moja tu ya kukulinda, na ikianguka unapoteza pointi 8, sawasawa na zile unazozitafuta kwa jasho kwenye sheria. Kozi yenye A nyembamba inahitaji saa chache za kuilinda, si saa sifuri.

Ukijumlisha, kutoka unapotarajiwa hadi malengo ya kujiandaa ni alama tano za uhasibu, saba za takwimu, saba za fedha, nne za sheria na mbili za masoko. Ni 25 kati ya alama 360 za UE zote, yaani kupanda kutoka kama asilimia 55 hadi asilimia 62. Hilo ni zito kidogo lakini linabebeka kwa wiki tatu. Kumbuka pia kwamba baadhi ya walimu husahihisha UE kwa 100 kisha huhamisha kwenda 60. Lengo la 32 kwa 60 ni kama 54 kwa 100. Unapofanya mtihani wa nyuma na kujisahihisha, hakikisha unalinganisha kwa kipimo kimoja, la sivyo utapata 40 kwa 100 na kushangilia kwamba umevuka 32.

Kwa saa, tuseme una saa 90 za kujisomea kwa wiki tatu, yaani kama saa nne na robo kwa siku. Ningezigawa hivi: uhasibu 24, fedha 20, takwimu 18, sheria 12, masoko 8, stadi za maendeleo 8. Si sheria ya kudumu. Nimeipa uhasibu nyingi kwa sababu alama zake tano zinaanzia chini, na maswali yake yana hatua nyingi ambazo kila moja hubeba alama. Kwenye gharama za mchakato au tofauti kati ya bajeti na matumizi halisi, mtu anayeandika hatua zote hupata alama za njia hata jibu la mwisho likiwa na kosa. Alama tano hizo ni kama kipengele kimoja au viwili vya swali. Tafuta mitihani ya nyuma ya miaka kadhaa kwenye maktaba au kwenye zile steshenari za nje ya geti zinazouza nakala, ona ni mada zipi zinarudi, kisha fanya mbili au tatu kati yake hadi usizikosee. Usijaribu kumaliza mtaala wote wa uhasibu. Huna lengo la A huko.

Takwimu ni kinyume chake. Kutoka 37 hadi 44 kwa 60 ni kutoka asilimia 62 hadi 73, na alama za juu huwa ngumu kuliko za chini, maana zimejificha kwenye swali lile ambalo wengi huliruka. Hapo unahitaji kujua mada zote, si mbili tatu. Kama baada ya wiki ya kwanza umefanya mtihani kamili wa nyuma kwa saa zilezile za chumba cha mtihani na umeshindwa kufika 40, hiyo ndiyo dalili kwamba A ya takwimu haiji. Usiing'ang'anie. B+ ya takwimu iko salama kwa alama 31, kwa hiyo hamisha saa sita kutoka huko uzipeleke fedha na sheria, ambako B+ bado inapatikana.

Na hapa ndipo ile nafasi kati ya 240 na 220 inapokusaidia. Ukikosa A ya takwimu unabaki na 228, bado uko juu ya deni. Ukikosa A ya takwimu na B+ ya sheria pia, unabaki na 220 barabara, na umelipa. Ukikosa takwimu na fedha zote mbili, unashuka hadi 216. Hapo umepungukiwa pointi 4, na semista mbili zilizobaki zitadaiwa 440 kwa krediti 120, ambayo ni 3.67 badala ya 3.63 ambayo ungedaiwa ukifika 220. Inauma, haijaharibika. Ila mpango huu hauvumilii uhasibu kuanguka pamoja na nyingine mbili: C ya uhasibu pamoja na kukosa takwimu na fedha inakupeleka 204, na kutoka huko kila semista iliyobaki itakudai 226.

Kuna jambo moja kuhusu uhasibu unalopaswa kulijua kabla ya kuamua kuupuuza. Kanuni zilizozoeleka ni kwamba ukifeli na kwenda sapu, daraja la juu unaloweza kupata ni C, hata ukipata 80. Maana yake sapu ya uhasibu ni pointi 24 na si zaidi, pointi 12 chini ya B unayoilenga, tena baada ya likizo iliyoharibika. CA yako ya 22 inakutaka upate 18 kwa 60 ili ufikie 40, kwa hiyo sapu haiko karibu. Lakini soma kanuni za mitihani za chuo chako uone kama UE yenyewe ina kiwango chake cha chini cha kufaulu. Palipo na kanuni hiyo, kufikia jumla ya 40 peke yake hakutoshi.

Jambo jingine la kufanya wiki hii, kabla ya kugusa daftari lolote: kagua CA zako sita moja moja. Jumlisha mwenyewe alama za majaribio, kazi za vikundi na mawasilisho, uone kama zinafika namba iliyobandikwa. Jaribio moja lililosahauliwa kuingizwa linaweza kuwa alama mbili au tatu, na kwenye sheria yako alama moja tu ndiyo inayotenganisha B na B+. Alama hiyo ukiipata kwa kumwonyesha mwalimu karatasi yako iliyosahihishwa ni rahisi kuliko kuitafuta kwenye UE. Nenda na karatasi mkononi, na nenda kabla ya mitihani kuanza, maana zikishafungwa na kutumwa idarani, marekebisho huwa na mlolongo mrefu.

Mtihani wa kwanza ukiisha, usibadilishe mpango kwa sababu ya ulivyojisikia ukitoka mlangoni. Hisia ya mtu anayetoka kwenye UE hudanganya pande zote mbili. Badilisha pale tu unapojua kwa hakika kwamba swali zima limekupita, kwa mfano hukulijibu kabisa. Chukua alama za swali hilo, ziondoe kwenye 60, na uone kama UE inayohitajika bado inafikika kwa zilizobaki. Kama uhasibu una maswali manne ya alama 15 na moja umeliacha wazi, ulichobaki nacho ni 45, na 28 bado inawezekana. Kama ni takwimu, 41 kati ya 45 haiwezekani kwa urahisi. Ihesabu kuwa B+, mpango wako ni 228, na saa zilizobaki zilinde fedha isiteleze, kwa sababu sasa hiyo ndiyo kozi ya krediti 12 inayokutenganisha na 216.